Mkrismasi mwekundu kwenye picha ya mafuriko: kusoma miti ya barabarani ili kujua mwezi na mahali

Kila masika Dar es Salaam ikijaa maji, magrupu ya WhatsApp hujaa picha. Nyingine ni za siku hiyo hiyo, nyingine zina miaka kumi, na nyingine zimetoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Aliyeandika "Jangwani leo asubuhi" chini ya picha anaweza kuongeza neno lolote analotaka, lakini hawezi kuuambia mti ulio nyuma ya maji uchanue au uache kuchanua. Mwongozo huu ni kwa anayepokea picha ya namna hiyo na anatakiwa kuamua, kabla ya kuisambaza au kuichapa, kama mwezi na mahali vilivyotajwa vinaingia akilini.

Tutashughulika na miti miwili tu: mkrismasi na jakaranda. Kuna sababu. Mibogenvilia huchanua karibu mwaka mzima ikipata jua, na mjohoro wenye maua ya manjano huchanua kwa vipindi virefu mno, kwa hiyo ukiiona haikwambii kitu kuhusu mwezi. Mkrismasi na jakaranda ina msimu ulio wazi, huchanua mti mzima kwa wakati mmoja, na rangi zake zinaonekana hata kwenye picha mbovu.

Kwanza hakikisha ni mti gani

Jina "mkrismasi" linaleta utata, maana wengine huliita hivyo kila tawi la mvinje linalopambwa sebuleni mwezi wa kumi na mbili. Hapa tunasema mti wa kivuli wenye maua mekundu, ambao kitaalamu huitwa Delonix regia. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska. Umbo lake ni mwavuli: shina fupi, matawi yanayotanda pembeni, mara nyingi upana wake unazidi kimo chake. Ua lina petali tano, nne nyekundu na ya tano imesimama ikiwa na weupe au umanjano wenye michirizi. Maganda yake ni marefu na bapa kama panga, sentimita 30 hadi 60, mabichi yakiwa kijani na makavu yakiwa kahawia iliyokaribia nyeusi.

Jakaranda (Jacaranda mimosifolia) ilitoka Amerika Kusini, maeneo ya Ajentina na Bolivia. Maua yake ni ya zambarau iliyoelekea bluu, kila ua kama tarumbeta ndogo, na yananing'inia kwa vichala mwishoni mwa matawi. Tunda lake ni bapa na la mviringo, gumu kama mbao, ukubwa wa biskuti, na likikauka hufunguka kama mdomo wa chaza. Kwa kawaida mti huchanua ukiwa mtupu au na majani machache sana, ndiyo maana picha zake huonyesha zambarau tupu juu ya matawi meusi.

Wakati hakuna maua, miti hii miwili hupotezana, kwa sababu yote ina jani kama unyoya lenye mamia ya vipande vidogo. Tofauti ipo kwenye mpangilio: majani ya jakaranda hutoka mawili mawili yakitazamana kwenye tawi, ya mkrismasi hutoka moja moja kwa kupokezana. Kwenye picha ya simu huwezi kuona hilo mara nyingi. Tafuta maganda: panga au biskuti.

Mti unaodanganya zaidi kwenye wekundu ni kibobakasi. Maua yake ni ya rangi ya moto, makubwa kama vikombe, yamekusanyika juu ya kilele, na majani yake ni mapana na ya kijani kizito, hayana unyoya. Mti wenyewe huenda juu badala ya kutanda. Ukiona wekundu umekaa juu kama mienge na chini yake majani mazito, usiusome kama mkrismasi, maana kalenda yake ni nyingine.

Rangi nayo ipimwe. Simu hupenda kuigeuza zambarau ya jakaranda kuwa bluu, na vichujio vya kupendezesha picha huweza kuigeuza rangi ya chungwa kuwa damu. Tafuta kwenye picha kitu ambacho rangi yake unaijua, kwa mfano lami kavu au namba ya gari. Kama lami ina wekundu, basi picha nzima imevutwa upande huo na maua nayo yamevutwa.

Kwa nini mwezi unasomeka

Miti hii yote miwili ni ya nchi zenye ukame wa kila mwaka. Ukame ukishika, hupukutisha majani. Joto linapopanda baada ya ukame, kabla ya mvua au zinapoanza, hutoa maua. Ukishika kanuni hiyo huna haja ya kukariri orodha ya miji. Uliza tu: mahali hapa joto baada ya ukame huja lini?

Kwa Dar es Salaam, kipupwe cha Juni hadi Agosti ni kikavu na chenye ubaridi wa wastani. Septemba joto hurudi, na vuli huingia Oktoba. Kwa hiyo mikrismasi ya mjini huanza kuwaka kuelekea mwisho wa mwaka, hufikia kilele Novemba na Desemba, na mabaki huvuka Januari. Masika yanapofika, Machi hadi Mei, mti huwa kijani tupu na maganda ya mwaka huo yananing'inia.

Ukivuka ikweta kwenda kaskazini, kalenda hupinduka karibu nusu mwaka. India, ambako mkrismasi huitwa gulmohar, huwaka Aprili hadi Juni. Vietnam maua yake huja Mei na Juni, wakati wanafunzi wanafunga mwaka wa masomo. Miami ni Mei hadi Julai. Upande wa kusini, visiwa vya Morisi na Reunion vinafanana na Dar: mwisho wa mwaka.

Jakaranda nayo hufuata mantiki hiyo hiyo. Harare na Pretoria ni Septemba hadi Novemba, Nairobi na Arusha vilevile zambarau hutawala kuelekea Oktoba na Novemba. Kaskazini, jiji la Meksiko huwa zambarau Februari hadi Aprili, Kathmandu Aprili na Mei, Lisbon na Los Angeles Mei na Juni.

Rangi kama kipimo cha mwinuko

Hapa ndipo Mtanzania ana faida. Miti hii miwili huchanua karibu wakati mmoja nchini, lakini haipendi mahali pamoja. Jakaranda hupenda nyanda za juu zenye ubaridi na ukame unaoeleweka: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Nairobi inakaribia 1,800. Pwani, kwenye joto la unyevu ambalo halipoi sawasawa, jakaranda huota lakini huweka nguvu kwenye majani, na maua hutoka kidogo, kwa matawi. Mkrismasi ni kinyume: hustawi kwenye joto la pwani na huwaka vizuri zaidi huko.

Matokeo yake ni kwamba picha ya Novemba yenye barabara nzima ya zambarau, petali zimetandikwa chini kama mkeka, na maelezo yanasema "Dar", inatakiwa kukutia shaka kuhusu mahali hata kama mwezi ni sahihi. Mti mmoja wa jakaranda ndani ya ua wa nyumba ya Dar hauna ajabu. Ajabu ni safu ya miti ishirini iliyofunikwa zambarau.

Ukiona rangi zote mbili kwenye fremu moja, zote zimewaka, fikiria mahali pa katikati. Harare ni mfano mzuri: jakaranda hutangulia, na inapomaliza mikrismasi hupokea Novemba. Kwa hiyo zambarau iliyochakaa pamoja na wekundu mbichi huonyesha makutano ya misimu hiyo miwili.

Kusoma hatua ya mti

Usiishie kwenye "umechanua" na "haujachanua". Mkrismasi wa pwani hupita hatua ambazo picha nzuri inazionyesha. Kwanza mti hupunguza majani, wakati mwingine unabaki na maganda meusi ya mwaka uliopita tu. Kisha wekundu hutokea juu ya matawi yenye majani machache. Baadaye wekundu na majani mapya ya kijani kibichi huchanganyika, na chini petali huanza kutapakaa. Mwisho, kijani hushinda, maganda machanga laini ya kijani huonekana kati ya maua ya mwisho, kisha maganda peke yake.

Maganda meusi yasikudanganye. Hukaa juu ya mti miezi mingi, kwa hiyo kuyaona hakukupi mwezi. Maganda ya kijani ndiyo yenye thamani, kwa sababu yanasema maua yamepita si muda mrefu.

Angalia miti mingi kadiri picha inavyoruhusu. Tawi moja lenye maua nje ya msimu ni jambo la kawaida, hasa mti uliopata maji ya bustani, au uliokatwa matawi chini ya nyaya za umeme kisha ukachipua upya. Miti mitatu iliyosimama mbali mbali, yote imewaka kichwa kizima, ni habari tofauti kabisa. Ukiwa na mti mmoja tu, andika kwenye daftari lako kwamba ni mmoja, maana ukishaandika hitimisho utasahau.

Mfano: "Jangwani leo", Aprili 15

Tuseme picha imeingia kwenye grupu Aprili 15, na mvua kweli inanyesha Dar. Inaonyesha barabara yenye maji ya kahawia yaliyofika kwenye ekseli za bajaji mbili. Nyuma kuna maduka yenye mabati, na kando ya barabara miti mitatu yenye umbo la mwavuli, yote myekundu juu hadi chini, majani mapya machache. Petali zinaelea juu ya maji.

Anza kwa kuomba nakala bora. WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa za kamera, ikiwemo tarehe. Mwambie aliyeituma, kama yeye ndiye mpigaji, aitume tena kwa njia ya "Document", ambayo haiibani. Akisema na yeye kaipokea tu, umeshajua jambo moja.

Kuza miti. Umbo ni la mwavuli, majani kama unyoya, maganda mawili marefu meusi yanaonekana. Ni mkrismasi, si kibobakasi. Hatua yake: wekundu kamili na majani yanaanza, petali chini. Miti yote mitatu iko hatua moja.

Sasa linganisha na kalenda. Kwa Dar, hatua hii ni ya Novemba au Desemba. Katikati ya Aprili mikrismasi hii ilitakiwa kuwa kijani. Maelezo na miti havipatani, na zinabaki njia mbili: mahali ni sahihi lakini tarehe ni ya uongo, au mahali penyewe si hapa.

Njia ya kwanza ina nguvu kwa sababu Dar hufurika vuli pia. Mvua za Desemba 20 hadi 22 mwaka 2011 zilijaza bonde la Msimbazi na kuua watu, na zilipigwa picha nyingi mno. Desemba ndio wakati mikrismasi imewaka. Picha za mafuriko ya vuli hurudi kila masika zikiwa zimevalishwa tarehe mpya, na wekundu wa mti ndio mkia unaobaki nje.

Njia ya pili nayo isipuuzwe. Mumbai maua ya mkrismasi hukutana na kuingia kwa mvua za Juni, kwa hiyo mafuriko na wekundu kwenye fremu moja ni jambo linalowezekana huko. Kuna bajaji, kuna mabati, magari hupita kushoto kama hapa. Hata miti mingine haikusaidii: mwarobaini, mwashoki na mkungu vyote asili yake ni Asia, na utavikuta Mumbai kama unavyovikuta Kinondoni. Hapo acha mimea, nenda kwenye vyuma na maandishi. Namba ya gari la Tanzania huanza na T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Bajaji na pikipiki huanza na MC. Gari binafsi hapa lina kibao cha manjano, wakati India kibao cha manjano chenye herufi nyeusi ni cha gari la biashara na binafsi ni cheupe. Hata kama herufi hazisomeki, rangi ya kibao kwenye gari dogo la kawaida inakupa mwelekeo. Mabango ya dukani yakiwa na maandishi ya Kidevanagari, kazi imekwisha.

Kwenye picha yetu, tuseme bajaji moja imeonyesha "MC" kwa shida. Mahali ni Tanzania. Basi sasa tafuta nakala ya zamani zaidi: weka picha kwenye TinEye na upange matokeo kwa "Oldest", kisha Google Lens, na ujaribu pia kukata kipande chenye maduka peke yake, maana walioizungusha huenda waliigeuza kushoto kulia au kuiwekea maandishi. Ukipata nakala ya Desemba ya mwaka wowote uliopita, umemaliza. Usipopata, bado una la kuandika: "Mikrismasi mitatu imechanua kikamilifu, hali ambayo Dar huonekana mwisho wa mwaka, haiendani na dai la Aprili. Mwaka haujulikani." Usiandike "Desemba 2011" kwa sababu tu mafuriko hayo unayakumbuka. Mti hukupa mwezi, mwaka hauujui.

Kuthibitisha kalenda ya mahali

Usiutegemee mwongozo huu peke yake kwa mji usioujua. Tovuti ya iNaturalist ina picha za mimea zenye tarehe na ramani, lakini ina mtego mmoja unaowapoteza wengi: miti iliyopandwa barabarani huwekwa alama ya kupandwa na huangukia daraja la "Casual", na utafutaji wa kawaida huificha. Ukitafuta mkrismasi utadhani mjini haupo. Tumia anwani hii inayoonyesha yote, kisha andika jina la mji kwenye kisanduku cha mahali:

```
https://www.inaturalist.org/observations?taxon_name=Delonix+regia&verifiable=any
```

Fungua picha moja moja na uhesabu zenye maua kwa kila mwezi. Usihesabu idadi ya picha tu, kwa sababu watu hupiga mti zaidi ukiwa umechanua na ukishakuwa kijani hawautazami. Picha tano za Aprili zenye majani tupu zina uzito kuliko hamsini za Desemba zenye maua, kwa sababu ndizo zinazokuonyesha kwamba Aprili mti huwa kijani.

Kwa mtaa wenyewe, programu ya Google Earth ya kompyuta ina picha za satelaiti za miaka ya nyuma, kila moja na tarehe yake. Mkrismasi uliowaka huonekana kama doa la rangi ya chungwa au wekundu. Ukilikuta doa kwenye picha ya Desemba na kijani kwenye picha ya Aprili, mahali pale pale, umepata ushahidi wa mti huo huo badala ya kanuni ya jumla. Vilevile unathibitisha kwamba mti upo kweli pale palipotajwa.

Kivuli, kama kuna jua

Siku ya mafuriko mara nyingi mawingu hufuta vivuli, lakini picha za siku inayofuata huwa na jua. Dar iko nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi na karibu Oktoba 9. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri liko kusini, kivuli kinaangukia kaskazini. Miezi iliyobaki ni kinyume.

Linganisha Desemba na Aprili. Adhuhuri ya kweli, ambayo Dar huwa saa sita na dakika kama ishirini, nguzo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 30 hivi katikati ya Desemba, na karibu urefu ule ule katikati ya Aprili. Anayepima urefu tu hataona tofauti. Mwelekeo ndio unaotenganisha: Desemba kaskazini, Aprili kusini. Kwa hiyo unahitaji kujua barabara inaelekea wapi, jambo ambalo ramani itakupa ukishaitambua barabara yenyewe. Asubuhi na jioni kipimo hiki hukoroga zaidi, kiache.

Pale ambapo mti haukusaidii

Karibu sana na ikweta, ambako mvua huja mara mbili na ukame haukai, kalenda hulegea. Nairobi jakaranda inaweza kutoa maua kidogo nje ya msimu wake mkuu, na kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda usitegemee mwezi mmoja uliofungwa. Mwaka ambao ukame umerefuka kupita kawaida, maua ya mkrismasi huweza kusogea kwa wiki kadhaa hata Dar. Kwa sababu hiyo, tofauti ya mwezi mmoja kati ya dai na mti si kitu cha kumshtaki mtu nayo. Picha ya katikati ya Februari yenye wekundu uliobaki kwenye matawi machache iache ipite. Tofauti ya miezi mitano, kichwa kizima, miti mitatu, ndiyo ya kusimamia.

Na mti wa kijani una sauti ndogo kuliko mti mwekundu. Mkrismasi usio na ua hata moja mwezi Desemba unaweza kuwa mchanga bado, au ulikatwa matawi mwezi wa tisa, au umebanwa na kivuli cha ghorofa. Usitumie ukosefu wa maua kukanusha picha ya Desemba, isipokuwa miti yote ya mtaa huo unaijua na picha ya satelaiti imekuonyesha ikiwaka.

Hifadhi kila hitimisho pamoja na kipande cha picha ulichokikuza, chenye alama kwenye mti uliousoma. Akitokea mtu wa mtaani akasema mti ule wa kona yake huchanua masika pia, utakuwa na kitu cha kumwonyesha, naye atakuwa na mti wa kukupeleka ukauone.